Ndege Ndani ya Asali

Papa Mapalo alikuwa hajawahi kumwomba mtu radhi, si mbele yangu, kwa miaka kumi na mmoja. Na mimi miaka yote hiyo nimekaa jirani na mlango wake. Ninauza mayunite ya simu chini ya mwavuli hapa Ruashi, kwenye barabara ambayo malori ya mgodi huipaka vumbi jekundu kila yanapopita. Yeye ana studio ya picha, chumba kimoja chenye dirisha moja. Ukitaka kumjua mtu vizuri, kaa karibu na mlango wake ukiwa huna kazi nyingi. Mimi kazi yangu inaniachia nafasi ya kutazama, na macho ninayo.

Alianza kazi wakati picha zilikuwa karatasi. Alikuwa na mkasi mdogo na wembe, na kwa vitu hivyo viwili alimtoa bibi harusi kwenye uchochoro wenye matope na kumsimamisha kando ya maporomoko ya maji aliyoyakata kwenye kalenda. Mwanamke aliyeachwa na mume alikuja na picha ya ndoa, akarudi nyumbani amesimama peke yake, na bega lake halikubaki na hata kidole cha yule bwana. Baadaye ikaja kompyuta. Akajifunza kuzungusha mstari pembeni mwa mtu, nukta baada ya nukta, amebana pumzi kama anayevusha uzi kwenye tundu la sindano. Akikuonyesha kazi yake alikuwa anasema neno moja tu: "Ukingo." Kwake kazi yote ilikuwa ukingo.

Miaka mitatu iliyopita akapata programu inayofanya yenyewe. Unabonyeza mara moja, mtu anabaki, kilicho nyuma yake kinapotea. Nilidhani atanuna kama wazee wengine wanavyonuna. Wapi! Alitoka nje mbio, miwani juu ya paji la uso.

"Wivine, kuya uone! Inajua yenyewe muntu ni nani na ukuta ni nini!"

Na kweli ilijua. Ilijua hata nywele. Ilijua viatu, keki, viti vya plastiki, simu za mkononi, vitu vyote ambavyo watu wa hapa hupiga picha na kuuza kwenye WhatsApp. Papa Mapalo akawa anamaliza kwa dakika kazi iliyokuwa inamla asubuhi nzima.

Mwaka uleule alifiwa na mkewe, Lydie. Kabla ya kuugua, mama huyo alikuwa ametundika kikwembe chake, kitenge alichokuwa anakivaa, kwenye ukuta wa studio, nyuma ya meza panapowekwa vitu vya kupigwa picha, ili kuficha doa la unyevu. Kikwembe cha rangi ya njano, chenye ndege wadogo wa buluu iliyokoza, kila mmoja amefungua mabawa. Baada ya mazishi hakukitoa. Watu walipiga picha sufuria zao na mikoba yao mbele ya ndege wale, na programu ikawafuta ndege, kila siku, kila picha. Siku moja nilimwambia, kwa upole ambao si kawaida yangu, kwamba labda sasa angekikunja.

"Iache," alinijibu. "Mashini itaondoa."

Alikuwa anasema juu ya picha. Nikakiacha.

Sasa niwaambie juu ya Germaine. Kaka yake anafuga nyuki Mitwaba, huko kaskazini, na anamtelemshia asali kwa madumu barabara inaporuhusu. Germaine anaichuja, anaitia kwenye chupa za kioo za mviringo, angavu kabisa, zenye kifuniko cheusi. Mjini hapa asali ina maadui wengi. Kuna wanaochemsha sukari, kuna wanaotia mambo ambayo afadhali tusiyajue, kwa hiyo hakuna mtu anayenunua asali kabla hajaitikisa chupa na kuiinua juani achungulie ndani. Germaine amechunguliwa chupa zake miaka saba na hajaaibika hata mara moja. Hapa asali tunaiita buki; ukisema "buki ya Germaine", inatosha. Jina hilo ndilo shamba lake, hana lingine.

Ndipo Bwana Nasoro, mwenye duka kubwa katikati ya mji, mtu wa ukoo uliotoka Maniema, akamwahidi nafasi kwenye rafu zake. Alitaka kwanza picha ya chupa, ya kutuma kwa wateja wake kwenye simu, nyuma pawe peupe tupu kama picha za bidhaa zake zote. Germaine akaja studio na chupa moja, ameifunga kwenye kitambaa utadhani mtoto mchanga.

Papa Mapalo akaiweka mezani, kikwembe kikiwa shibiri mbili nyuma yake. Akapiga picha. Akabonyeza programu. Nilikuwepo, nikacheka mpaka nikashika mlango: kifuniko cheusi kilikuwa kinaelea hewani, peke yake, na chini yake shingo ya chupa haikuwepo. Asali haikufika mpaka juu, kwa hiyo shingo ilikuwa kioo kitupu, na kupitia kioo hicho programu iliona kikwembe. Ikasema hiki ni kikwembe, ikakifuta.

"Hapa inataka mukono ya muntu," alisema Papa Mapalo, na uso ukamng'aa kidogo, nadhani alifurahi kuitwa kazini tena. Akazungusha mstari wake wa zamani kwenye shingo ya chupa, akaijaza rangi ya kijivu hafifu, na kifuniko kikapata pa kukalia. Chini, kwenye asali, programu haikuwa imekata kitu. Chupa ilionekana nzima. Aliona vivuli humo ndani, lakini alidhani ndivyo asali nzito ilivyo. Akamtumia Germaine.

Germaine, kwa furaha yake, kabla hata ya kumpelekea Bwana Nasoro, akaiweka picha kwenye kundi letu la mama wa parokia. Kwanza yakaja makofi. Kisha mtu mmoja akaikuza picha kwa vidole viwili, akaona ndani ya asali vitu vya kahawia, vinene, vyenye kama mabawa. Akaandika: "Iko na bintu ndani?" Akaweka na uso wa kucheka.

Sitaficha. Mtu huyo ni mimi. Nilikuwa nimekaa hatua kumi kutoka studio. Ningesimama, ningeuliza, ningejibiwa. Lakini kidole kilikuwa tayari juu ya simu, na utani ulinipendeza.

Kabla ya jua kuzama kulikuwa na mende ndani ya asali ile, kulikuwa na nzige, kulikuwa na sukari iliyoungua. Mwingine alikumbuka kwamba tumbo lilimuuma mwezi wa pili. Mama Abigaïl, mwenyekiti wetu, mwanamke asiyepoteza maneno, aliandika kwamba tusinunue kwanza mpaka ijulikane. Bwana Nasoro naye akampigia Germaine simu, kwa adabu zake zote. Hakukataa, alisema, lakini angesubiri mpaka Jumatatu, maana wateja wake ni mama haohao. Ilikuwa Alhamisi.

Ijumaa asubuhi Germaine alifika na chupa mkononi. Alinipita bila kunisalimu. Nikamfuata mpaka mlangoni.

"Papa Mapalo, ulitia nini mu buki yangu?"

"Sikutia kitu, mama. Ni mashini njo ilikata."

"Bantu banasema iko na badudu. Miaka saba, Papa! Angaria picha yako!"

Aliangalia. Akaikuza. Nilimwona anaviona. Lakini badala ya kusema neno moja lililohitajika, alikaa kwenye kompyuta na kuchukua brashi. "Ngoja, nitasafisha," akasema. Akapaka juu ya vile vitu rangi moja ya asali, laini, toka ukingo hadi ukingo. Ukingo ulikuwa mzuri ajabu, hilo nampa. Akageuza kioo cha kompyuta ili Germaine aone.

Chupa ilikuwa kama imepakwa rangi ya mlango. Hata mimi ningeiogopa.

"Hii iko rangi," alisema Germaine, na sauti yake sasa ilikuwa ndogo, ndiyo iliyoniumiza zaidi. "Buki yangu inapitisha jua, Papa. Angaria."

Akageuka, akainua chupa mbele ya mlango uliokuwa wazi, kama mnunuzi yeyote anavyofanya sokoni. Asali ikawaka. Papa Mapalo akainuka kwenye kiti akasogea, akatazama ndani ya chupa juu ya bega la mama yule. Nje ikapita moto, pikipiki ya abiria, inakwenda upande wa mgodi. Ndani ya asali moto ileile ikapita inarudi mjini.

Papa Mapalo akasimama tuli.

"Rudishia," akasema, yaani pita tena, kana kwamba moto ingemsikia. Ikapita nyingine, na hiyo pia ikaenda kinyume ndani ya chupa. Akaipokea chupa mikononi mwa Germaine, taratibu, akaigeukia meza yake, akaiinua mbele ya kikwembe. Tukainama sote watatu. Ndege walikuwa humo. Wamenenepa, wametanuka ubavuni, wamekuwa kahawia karibu na weusi, na wote wanaelekea upande usio wao. Ile njano ya kitambaa haikuonekana tena, ilikuwa imezama kwenye rangi ya asali. Walibaki ndege peke yao.

"Ni bandege ba Lydie," alisema.

Akaiweka chupa chini, akavua miwani, akaifuta kwa shati, na alipoanza kusema alikuwa anajisemea mwenyewe kuliko kutusemea sisi. Alisema programu inapita kwenye picha na kuuliza kila nukta swali moja: wewe ni wa kitu, ao wa nyuma? Kiatu kinajibu vizuri. Muntu anajibu vizuri. Lakini chupa inajibu kwamba mimi ni wa vyote viwili, na programu haina mahali pa kuandika jibu hilo. Basi inabahatisha. Kwenye shingo ilibahatisha "nyuma", ikatoboa. Kwenye asali ilibahatisha "kitu", ikawabeba ndege.

"Hata mukono yangu haikuweza," aliendelea. "Ukingo nilikata muzuri. Lakini kikwembe haikuwa kando ya chupa. Iko katikati yake. Huwezi kukata kando kitu chenye iko katikati."

Kisha akapanda juu ya kiti na kuanza kung'oa misumari.

Sikujua niangalie wapi. Kikwembe kilishuka upande mmoja, kisha wa pili, na doa la unyevu likaonekana ukutani, kubwa kuliko nilivyolikumbuka. Alikikunja mara nne akakiweka juu ya kiti chake, si juu ya meza. Halafu akafanya kazi kama nilivyomwona akifanya nilipohamia hapa, bila kusema na mtu. Alisogeza meza mpaka mlangoni. Akatundika karatasi kubwa nyeupe mlangoni, ili mwanga wa nje uje kutoka nyuma, upitie karatasi, uingie kwenye asali. Akapiga moja, akatikisa kichwa: asali ilikuwa safi lakini kioo kilipotelea kwenye weupe, hukujua chupa inaishia wapi. Akachukua makatoni mawili, akayapaka masizi, akayasimamisha kushoto na kulia, nje kidogo ya picha. Weusi wao ukaingia kwenye kingo za kioo na kuchora mstari mwembamba kuizunguka chupa yote, hadi shingoni. Safari hii mstari ulijichora wenyewe.

Akapiga. Hakubonyeza programu. Hakukuwa na cha kuondoa, nyuma palikuwa tayari peupe.

"Na kama Bwana Nasoro anataka kuiweka juu ya rangi ingine?" niliuliza, maana kunyamaza kulikuwa kunanishinda.

"Sitakata," alisema. "Nitailalisha juu ya ile rangi na kuambia mashini izidishe rangi ya juu kwa ya chini, kama hesabu. Palipo peupe patapotea, na asali itaacha rangi ipite. Kama kioo inavyofanya yenyewe."

Germaine alitazama picha muda mrefu. Asali yake ilikuwa humo, nyekundu ya dhahabu, unaona mpaka upande wa pili. Akaituma kwenye kundi palepale mlangoni. Tukasubiri, sote tumeinamia simu yake.

Mama Abigaïl alijibu wa kwanza. "Muzuri. Lakini tunajua mashini inafuta kila kitu."

Na alikuwa na haki. Hilo ndilo lililonichoma. Picha chafu ilikuwa imeaminiwa mara moja, na picha safi haikuaminiwa, kwa sababu siku hizi kila mtu anajua jinsi ya kusafisha. Germaine alirudisha simu kwenye mkoba, akafunga chupa yake kwenye kitambaa, akaondoka. Papa Mapalo aliingia ndani na hakutoka mpaka nilipofunga mwavuli wangu.

Jumapili, baada ya misa, tulikuwa tumesimama uani kwa parokia, kila mmoja anasalimu wake. Nilimwona Papa Mapalo anaingia langoni. Tangu mazishi hakuwa amekanyaga pale. Alivaa koti, kikwembe kipo begani, na nyuma yake alikuja Germaine na chupa. Wakaja moja kwa moja mpaka mbele ya Mama Abigaïl. Watu wakasogea, kama watu wanavyosogea.

"Wivine," alisema, "shika upande huu. Mama Germaine, shika ule."

Nikashika. Tukakitandaza kikwembe kati yetu, ndege wote nje. Akampa Mama Abigaïl chupa.

"Angaria kwanza mu jua, mama."

Mama Abigaïl aliitikisa, kama ilivyo lazima, akaiinua juani. Alitazama bila haraka, upande huu na upande huu. "Iko safi," alisema.

"Sasa angaria mbele ya kikwembe."

Akaishusha. Nilimwona anashtuka, akarudisha kichwa nyuma, kisha akasogeza uso karibu. Mama wengine wakaja mmoja mmoja wakainama. "Njo bile!" alisema mmoja. "Njo bile badudu!" Mwingine akasogeza kidole nyuma ya chupa, kidole kikatokea upande wa pili ndani ya asali, wakacheka. Papa Mapalo hakucheka. Alisubiri wamalize.

"Buki haina kosa," akasema. "Kosa ni yangu. Hii kikwembe ni ya bibi yangu Lydie. Niliiacha nyuma ya kila kitu, miaka mitatu, nikisema mashini itaondoa. Kwa viatu iliondoa. Kwa chupa haikuweza, na mi sikuangaria. Nikaharibu jina ya huyu mama. Munisamehe. Na weye, Mama Germaine, unisamehe."

Sauti yake ilikatika kwenye neno la mwisho, na akaliacha hivyohivyo limekatika.

Mama Abigaïl akaiinua tena chupa juani, akatazama kupitia ndani yake, safari hii kwa muda mrefu kuliko haja. "Ninaona kanisa," alisema. "Iko pale inajigeuza, lakini ninaona hata musalaba. Hii haina sukari." Akamgeukia Germaine. "Hii chupa ni yangu. Hairudi."

Jumatatu Bwana Nasoro aliweka asali kwenye rafu, na picha aliyotuma ni ile ya mlangoni. Lakini hayo ni ya Jumatatu. Bado tulikuwa uani, watu wameanza kusema wote pamoja, na mimi nimeshika ncha yangu ya kikwembe, shingo inaniwaka. Papa Mapalo alijua nani aliandika wa kwanza. Alikuwa amelichukua kosa lote, akalibeba mbele ya parokia, na hakuniangalia hata mara moja.

"Yaya Germaine," nikasema, kama mtu anavyomwita dada mkubwa, kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo. "Ni miye niliandika wa kwanza. Ile ya bintu ndani."

Alinitazama kutoka upande wa pili wa kitambaa.

"Minajua, Wivine. Jina yako iko juu ya ujumbe." Kisha akakitupia macho kikwembe. "Inua mukono. Inaburuzika chini, na ni ya marehemu."

Nikainua.